Uzi: Vishada vya mito ya sofa vinanyonyoka baada ya kufuliwa; naomba maelekezo ya kuvitengeneza mwenyewe

Mshonaji wa Makorora

Assalamu alaykum wanajukwaa, na habari za kazi. Ninashona mapazia na foronya za mito ya sofa hapa Tanga mjini, na nimekuwa nikinunua vishada vilivyokwisha kutengenezwa kwa muuzaji wa jumla ambaye sitamtaja. Mteja wangu amenirudishia mito sita ambayo kila mmoja una kishada katika kila pembe, kwa sababu baada ya kufuliwa mara moja nyuzi zimeanza kuchomoka moja moja hadi vingine vimebaki na kichwa na nyuzi chache tu. Nimepasua kimoja kwa wembe nione kilivyoundwa, na nimekuta kwamba nyuzi zimekatwa vipande vifupi, zikafungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na ncha zake za juu zikachovywa katika gundi nyeupe kabla ya kuviringishiwa uzi wa dhahabu.

Nataka sasa nitengeneze vyangu, vyote ishirini na vinne, kwa uzi wa pamba wa kufumia wenye rangi ya damu ya mzee juu ya foronya za rangi ya maziwa. Naomba anayeijua kazi hii anieleze jinsi ya kuvifanya visinyonyoke, na uzi kiasi gani ninunue. Mito ni ya sentimita 45 kwa 45.

Kijana wa Mabawa

Dada, tatizo hilo ni dogo. Chukua kiberiti, unguza ncha za juu za nyuzi ziyeyuke zishikane, kisha funga. Mimi nafanya hivyo kwenye vishada vya pochi na havijawahi kunyonyoka.

Bibi wa Mkwakwani

Waalaykumu salaam, mwanangu. Namheshimu aliyetangulia, na alilosema ni kweli kwa nyuzi za aina yake, lakini halitakufaa wewe. Uzi wa poliesta au nailoni ukikaribishwa moto huyeyuka na kufanya kidonge kigumu, na ndicho kinachoshikanisha ncha. Pamba haiyeyuki, inawaka, inanukia karatasi iliyoungua, na inabaki jivu laini linalosagika kwa vidole. Ukiunguza ncha za pamba utakuwa umezidhoofisha pale pale unapotaka zishike. Kwa hiyo kabla ya kufuata ushauri wowote wa moto, choma kipande kidogo cha uzi wako pembeni ukitazame kinavyofanya, kwa maana maduka mengi huuza mchanganyiko kwa jina la pamba.

Sasa nije kwenye kilichokuharibia mito. Kishada ulichopasua kilikuwa kinashikiliwa na msuguano na gundi peke yake. Kila uzi ulikuwa na ncha mbili, moja juu na moja chini, na hakuna kilichouzuia kushuka isipokuwa kubanwa shingoni. Nyuzi za katikati ndizo zinazobanwa kidogo kuliko zote, kwa hiyo ndizo zinazotangulia kuchomoka, na zikishatoka shingo inalegea na nyuzi za nje zinafuata. Gundi nyeupe nayo hulainika majini. Hata ungeviringisha shingo kwa nguvu zako zote, kishada cha namna hiyo kingekuja kufumuka.

Kishada kinachodumu hakikatwi nyuzi zake juu. Uzi unazungushwa kwenye ubao au kipande cha kadibodi ngumu, kigwe kinapitishwa chini ya mizunguko yote upande wa juu na kufungwa, kisha mizunguko inakatwa upande wa chini peke yake. Hapo kila uzi umekunjwa juu ya kigwe na kuteremka pande mbili, kwa hiyo hauwezi kuchomoka mpaka kigwe chenyewe kikatike. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na mengine yote ni ya kukifanya kipendeze.

Ukienda dukani unaweza kuvitambua bila wembe. Ingiza sindano katikati ya nyuzi za chini, uvute uzi mmoja taratibu. Ukitoka mzima na ncha yake ya juu ikawa imekakamaa, hicho ni cha gundi. Ukiona uzi unarefuka kidogo na mwenzake mahali pengine unafupika, hicho kimekunjwa, ila shingo yake imelegea.

Mshona Kanzu, Bagamoyo

Nami nichangie kuhusu kishada cha kanzu, kwa kuwa naona ndicho kinachozungumziwa. Kanzu za mtindo wa Kiomani zina kishada kinachoning'inia kifuani kutoka shingoni, na wavaaji hukitia manukato. Wateja wangu wananiletea vishada ambavyo nyuzi zake zimegandana kama zimepakwa uji, na wanadhani ni uzi mbaya. Chanzo ni mafuta ya attari, ambayo yanakamata vumbi na kuzibandika nyuzi. Ninakilowesha kishada peke yake katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, ninakikamua kwa kukibana kati ya taulo bila kukisokota, kisha ninakichana kuanzia chini kwenda juu. Kinarudi hali yake.

Mshonaji wa Makorora

Ahsante sana fundi. Vyangu ni vya mito ya sofa, si vya kanzu, lakini hilo la kukamua bila kusokota nimelichukua.

Bibi, shikamoo. Naomba unifafanulie hatua za shingo, kwa sababu hapo ndipo mikono yangu haijazoea. Ninapomaliza kuviringisha, ncha ya mwisho ya uzi inakwenda wapi? Wengine wanafunga fundo, lakini fundo linaonekana na halipendezi.

Bibi wa Mkwakwani

Marhaba mwanangu. Fundo la nje halihitajiki kabisa, na nitakueleza kwa utaratibu wa kazi yako yenyewe.

Kwanza uzi urudi kabla hujaugusa. Ufungue kutoka kwenye bunda uwe shada kubwa la duara, ufunge mahali panne kwa uzi mwingine bila kubana, uloweke katika maji ya moto, kisha uutundike ukauke kivulini. Pamba isiyorudishwa kwanza itarudi ikiwa tayari ni kishada, na shingo uliyoibana vizuri itabaki na nafasi. Maji hayo pia yatakuonyesha kama rangi inachuja. Damu ya mzee ni rangi ninayoiogopa juu ya foronya nyeupe, kwa hiyo usisite kuloweka mara ya pili na ya tatu, na mwishowe ubane uzi ulio mbichi kati ya kitambaa cheupe na pasi ya moto. Kitambaa kikitoka na doa, uzi huo haufai kwa foronya hizo.

Pili, kata kadibodi yenye urefu wa sentimita 10. Kwa uzi wa unene wa kawaida wa kufumia, mizunguko 60 itakupa nyuzi 120 zinazoning'inia, na shingo itakuwa na unene ulio chini kidogo ya kidole gumba. Zungusha kwa mkono mlegevu unaolingana, kwa sababu ukivuta, uzi utanyooka kwenye kadibodi na kufupika utakapotolewa, na kila kishada kitakuwa na kimo chake. Mizunguko itandazwe kando kwa kando, isirundikane katikati, maana ile ya juu ya rundo ndiyo inayokuwa mirefu.

Tatu, pitisha kigwe chini ya mizunguko, ukifunge juu kwa nguvu mara mbili, ndipo ukate upande wa chini. Fundo la kigwe ligeuze liingie ndani ya kichwa.

Sasa shingo. Teremka sentimita 2 kutoka juu, na hapo funga kwanza kwa uzi wa poliesta wa cherehani uliokunjwa mara nne, wenye rangi inayokaribiana. Huu hautaonekana, lakini ndio utakaobeba kazi. Kisha chukua sentimita 60 za uzi wako wa pamba. Ncha yake moja ikunje iwe kitanzi, ulilaze kitanzi juu ya shingo kwa urefu, mkunjo wake ukielekea chini na mkia wake mfupi ukichungulia juu kichwani. Anza kuviringisha kutoka juu kushuka, ukikifunika kitanzi, kila mzunguko ukigusana na mwenzake na usipande juu yake, mpaka ufikishe sentimita 1. Hapo mkunjo wa kitanzi uwe bado unaonekana chini. Ingiza ncha uliyokuwa ukiviringishia ndani ya mkunjo huo, kisha shika ule mkia wa juu uvute taratibu. Kitanzi kitapanda na kuikokota ncha ya chini iingie chini ya viringisho. Usivute mpaka itokee juu. Ikifika katikati simama, ukate mikia yote miwili karibu na uzi. Ncha zote zimefichwa, na kadiri mtu anavyovuta nyuzi za chini ndivyo viringisho vinavyozidi kuzibana ncha hizo.

Kijana wa Mabawa

Nakubali kuhusu moto, sikujua kwamba ni pamba tupu. Lakini bado naona tone la gundi ndani ya shingo lisingeleta madhara, kwa usalama zaidi.

Bibi wa Mkwakwani

Lina madhara, mwanangu. Gundi inapanda kwenye nyuzi za pamba kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na ikikauka nyuzi za chini ya shingo zinasimama wima badala ya kuanguka. Kishada kizuri kinaanzia kuanguka pale pale shingo inapoishia. Kikiwa na gundi kinafanana na fagio.

Mpwa wa Pangani

Kuhusu kiasi cha uzi, nimepiga hesabu nikifuata vipimo vya Bibi. Mzunguko mmoja kwenye kadibodi ya sentimita 10 unakula sentimita 20, kwa hiyo mizunguko 60 ni mita 12. Ongeza sentimita 60 za shingo. Kigwe cha kuning'inizia tuseme ni nyuzi mbili za sentimita 80 zilizosokotwa na kukunjwa, yaani mita 1.6. Jumla ni mita 14 na ushee kwa kishada, na kwa vishada 24 ni takriban mita 340. Soma lebo ya bunda. Kama inasema gramu 50 zina mita 125, mabunda matatu yanatosha na kubaki kidogo sana. Mimi ningenunua manne kwa mkupuo mmoja na kuhakikisha namba ya rangi kwenye lebo zote ni ile ile, kwa sababu rangi iliyotiwa siku tofauti haifanani hata kama jina lake ni moja, na tofauti hiyo huonekana vishada vinapokaa pamoja kwenye kochi.

Mshonaji wa Makorora

Mungu awabariki. Mpwa, nimenunua manne kama ulivyosema, na namba zote zinafanana. Uzi umechuja katika maji ya kwanza na ya pili, maji ya tatu yakatoka safi, na pasi haikuacha doa.

Nina swali juu ya ukingo. Mteja ameomba pia kigwe cha kusokota kizunguke foronya nzima kwenye mshono. Nikisokota kinakuwa kizuri mkononi, lakini nikikiweka mezani kinajikunja chenyewe kama nyoka.

Mpwa wa Pangani

Hilo nalifahamu kutokana na kusokota tamvua za vikoi. Kigwe kinasimama kwa sababu misokoto miwili inapingana, yaani nyuzi zinataka kujifumua upande mmoja na kigwe kinataka kujifumua upande wa pili. Zikilingana nguvu, kigwe kinatulia. Chako kinajikunja kwa sababu upande mmoja unazidi.

Kwanza kagua uzi wenyewe umesokotwa upande gani kiwandani. Shika ncha yake uizungushe kulia, kisha kushoto, uone ni upande upi unaoufungua. Wewe sokota kwa upande unaoubana, vinginevyo unaufumua uzi kabla ya kuanza, na kigwe kitatoka chenye manyoya.

Mzingo wa foronya yako ni sentimita 180, na unahitaji karibu sentimita 190 ili upate pa kuungia. Kigwe kilichosokotwa na kukunjwa kinabaki na theluthi moja hadi theluthi mbili kasoro ya urefu wa awali, kutegemea unavyokaza, na mimi huanza na mara mbili na nusu. Kwa hiyo kata nyuzi sita za mita 5 hivi. Ncha moja ifunge kwenye nondo ya dirisha, ya pili kwenye penseli, unyooshe, uzungushe penseli. Utajua umefika pale ukilegeza kidogo tu nyuzi zinajikunja pindi dogo dogo. Ning'iniza kufuli katikati, ulete ncha ya penseli kwenye nondo bila kulegeza mvuto, kisha liachie kufuli lizunguke lenyewe mpaka lisimame. Usilisaidie kwa mkono, kwa sababu likisimama lenyewe ndiyo misokoto imelingana. Utapata kigwe cha nyuzi 12.

Kabla ya kukikata popote, funga uzi wa poliesta pande zote mbili za mahali utakapokata. Kisipofungwa kitafumuka hapo hapo.

Bibi wa Mkwakwani

Maneno mazuri. Ningesahihisha moja tu: alisema theluthi moja hadi theluthi mbili kasoro, nami kwa pamba sijawahi kupata zaidi ya nusu, kwa kuwa kukunja peke yake kumeshaondoa nusu. Kinachobaki ni karibu mbili ya tano, na ndiyo maana ile hesabu yake ya mara mbili na nusu ni sahihi.

Mpwa wa Pangani

Kweli Bibi, nimekubali. Nusu ndiyo kikomo.

Katani ya Muheza

Ndugu zangu, huku kwetu katani iko tele. Je, mtu hawezi kutengeneza vishada hivi kwa katani akaepuka gharama ya uzi wa dukani? Mkonge ndio uliotambulisha mkoa huu tangu Dakta Hindorf alipouleta mwaka 1893, nasi tunanunua nyuzi za nje.

Bibi wa Mkwakwani

Inawezekana kwa kazi fulani. Katani ni ngumu, haianguki, inasimama, na ikikatwa ncha zake zinachoma. Nimeitumia kwa vishada vya kufungia mapazia mazito na kwa mito mikubwa ya kukalia sakafuni, vikiwa virefu vya sentimita 20 na zaidi, maana ikiwa fupi haina uzito wa kujivuta chini. Kwenye mto ambao mtu ataegemeza shavu, au kwenye nguo, siishauri. Pia shingo yake iwe na viringisho vipana mara mbili ya hivi vya pamba, kwa kuwa nyuzi zake zinateleza.

Mshona Kanzu, Bagamoyo

Narudi kwa hoja moja ambayo naona haijaguswa. Kwa nini vishada vishonewe moja kwa moja kwenye foronya? Mimi ningeweka kifungo kidogo kwa ndani ya kila pembe, na kishada kikawa na kitanzi cha kuvisha. Foronya ikienda kufuliwa, vishada vinabaki kabatini. Hata kilichotengenezwa vizuri namna gani, mashine ya kufulia inakivuruga.

Mshonaji wa Makorora

Nimelifikiria, fundi, lakini mteja wangu ana watoto wadogo, na kishada kinachovuliwa kitavuliwa kila siku. Kisha kifungo kinaonekana kwenye pembe.

Bibi wa Mkwakwani

Mimi pia nashonea ndani ya mshono. Ila simpingi fundi, maana foronya za hariri nisingezishonea vishada vya pamba daima dumu. Kila mmoja atazame kitambaa chake na nyumba inakokwenda.

Ukishonea ndani, kishada kikae upande wa uso wa kitambaa kikielekea katikati ya foronya, na kigwe chake kitokeze nje ya pembe sentimita 2. Nyuzi za chini zifunge kwa kipande cha karatasi na kuzibana kwa pini katikati ya foronya, kwa sababu kosa la kawaida ni mshono wa pembeni kuzikamata nyuzi tatu au nne, nawe hutaona mpaka ugeuze. Rudisha cherehani mara tatu juu ya kigwe. Na kwa kuwa una kigwe cha ukingo pia, hicho usikishone kwa cherehani pamoja na vishada. Geuza foronya kwanza, kisha kifuate mshono kwa mkono, ncha zake mbili zikiingia kwenye tundu dogo uliloliacha chini, upande wa zipu.

Kukata nyuzi za chini ni kazi ya mwisho kabisa. Ning'iniza kishada juu ya mvuke wa birika, kichane, kiache kikauke chote, ndipo ukivingirishe karatasi na kukata zinazochungulia chini ya ukingo wa karatasi. Ukikata kikiwa kibichi utakuta kesho yake ncha hazilingani.

Mshonaji wa Makorora

Nimemaliza mito miwili na kuifua kwa mkono mara mbili. Hakuna uzi uliochomoka. Vishada viwili vina nyuzi chache zilizorefuka na zingine zimefupika, kwa hiyo kwa maelezo ya Bibi shingo zake zimelegea, nami nitavifungua viringisho nikaze upya ule uzi wa poliesta wa ndani kabla ya kuendelea na minne iliyobaki.

Mteja ameuliza pia kama anaweza kupata tamvua badala ya kigwe kwenye mto mmoja wa duara. Kuna aliyewahi kuishona tamvua kwenye duara bila kuikunja?

Mpwa wa Pangani

Kwenye duara tamvua inashonwa uso kwa uso ikielekea ndani, kwa hiyo ukigeuza mto nyuzi zinatawanyika nje na kuacha mianya. Ishonee ikiwa imelegezwa kidogo, usiivute hata mara moja ili ifuate duara, na ukanda wake wa juu uchanje kwa mkasi kila baada ya sentimita 2 bila kuufikia mshono. Kama ukanda ni wa kusuka utafumuka ukichanjwa, hivyo huo upitishe kwanza mshono wa cherehani kwa urefu wote. Kwa tamvua iliyo nzito zaidi sina hakika kama kulegeza kunatosha. Labda Bibi ana njia yake.